Swali kwa Mwandishi: Sentensi Tata na Kazi ya Mfasiri



Nia yangu ni moja. Nataka tujadili wakati gani mfasiri aliyekutana na sentensi tata anapaswa kuacha kalamu na kumwuliza mwandishi, na akishaamua kuuliza, aulizeje na ampelekee tafsiri mbadala za namna gani. Nitazungumzia zaidi kazi ya kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kwa sababu wengi wetu tunakula kwa kazi hiyo, na pia kwa sababu utata wa lugha yetu wenyewe ndio mgumu kuuona. Mzawa wa lugha husoma sentensi, maana ya kwanza humjia papo hapo, naye husonga mbele bila kujua kwamba ilikuwapo ya pili.

Ili tusizungumze hewani, nimetunga kipande cha muhtasari wa kikao cha kamati ya maji ya kijiji. Kikao hiki hakikuwahi kufanyika, ila sentensi zake ni za aina inayopita mezani kwangu kila mara. Chukulieni kwamba muhtasari unatakiwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mfadhili aliye ng'ambo anayelipia sehemu ya mradi. Unasomeka hivi:

"Kikao kilifunguliwa saa 9.00. Wajumbe wote hawakuhudhuria. Katibu alieleza kuwa alimwandikia mwenyekiti barua ya kuomba mabomba 60 na hadi leo hayajapatikana. Iliazimiwa kuwa fundi na msaidizi wake walipwe shilingi 40,000 kwa siku kwa muda wa siku 10. Mtoto wa mwenye shamba aliyetia saini makubaliano atakuja kuonyesha mpaka. Kikao kilifungwa saa 6.30 mchana."

Naona wengine mnatabasamu. Ni kweli, sentensi hizi hazina kosa la sarufi, na katibu aliyeziandika ameandika Kiswahili cha kawaida kabisa.

Hoja ya kwanza: matini yenyewe huulizwa kabla ya mwandishi

Tuanze na saa. "Saa 9.00" ni saa tisa alasiri kwa hesabu yetu, au ni saa tatu asubuhi iliyoandikwa kama inavyosomeka kwenye uso wa saa ya ofisini? Ofisi zetu huandika kwa namna zote mbili, mara nyingine katika waraka mmoja. Mfasiri mwenye haraka angetuma swali hapo hapo. Lakini akishuka hadi sentensi ya mwisho atakuta kikao kilifungwa saa 6.30 mchana. Kikao hakiwezi kufunguliwa alasiri na kufungwa mchana wa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo 9.00 ni saa tatu asubuhi, na 6.30 ni saa sita na nusu kwa hesabu yetu, yaani kikao kilichukua saa tatu na nusu. Katibu amechanganya hesabu mbili, na matini yenyewe imetufichulia. Hapa hakuna swali. Kuna taarifa ya mstari mmoja kwa aliyetupa kazi, kwamba saa ya kufungua imechukuliwa kuwa ya asubuhi kwa sababu hiyo niliyoieleza.

Sentensi ya pili ni kongwe kwa ukorofi. "Wajumbe wote hawakuhudhuria" inaweza kusema kwamba hakufika hata mmoja, na inaweza kusema kwamba wapo waliofika na wapo ambao hawakufika. Aliyekusudia hilo la pili angeweza kuandika "si wajumbe wote waliohudhuria", lakini watu hawaandiki hivyo kila mara. Basi tufanye nini? Tufungue ukurasa wa kwanza wa muhtasari. Kila muhtasari una orodha ya waliohudhuria na wasiohudhuria. Tukikuta majina tisa upande mmoja na matatu upande wa pili, utata umekwisha. Tena hata bila orodha, kikao kilichoazimia malipo hakiwezi kuwa kikao kisicho na mtu.

Nalisisitiza hili kwa sababu swali lisilo la lazima lina gharama. Mwandishi anayeulizwa jambo ambalo amelijibu ukurasa wa kwanza huona kwamba mfasiri hakusoma, na swali la pili, ambalo labda ndilo zito, atalijibu kwa haraka au hatalijibu kabisa. Ndiyo maana mimi siulizi nikiwa katikati ya matini. Naweka alama pembeni, nasoma hadi mwisho, kisha narudi. Sehemu kubwa ya alama hizo hujifuta zenyewe.

Hoja ya pili: si kila utata wa chanzi ni mzigo wa mfasiri

Utata humfunga mfasiri pale lugha lengwa inapomlazimisha kuchagua. Isipomlazimisha, anaweza kuuvusha kama ulivyo. Tazameni "mtoto wa mwenye shamba aliyetia saini makubaliano". Nani alitia saini, mtoto au mwenye shamba? Kirejeshi "aliye-" kinaafikiana na wote wawili, kwa kuwa wote ni wa ngeli ya watu. Kiingereza nacho huacha shaka hiyo hiyo: kirejeshi chake kinaweza kumrudia mtoto au mzazi, na msomaji wa Kiingereza atabaki pale alipobaki msomaji wa Kiswahili. Kama tungekuwa tunafasiri kwenda Kiarabu, na mtoto awe wa kike na mwenye shamba awe mwanamume, tungebanwa, maana kirejeshi cha Kiarabu hubeba jinsi.

Hata hivyo, sentensi hiyo hiyo imeficha mtego mwingine ambao wengi hawauoni. Ni neno "mtoto". Kwetu mtu wa miaka hamsini ni mtoto wa mzazi wake, na hakuna anayeshangaa. Mkiliandika kwa neno la kawaida la Kiingereza la mtoto, mfadhili atamwona mvulana au msichana mdogo akitumwa kuonyesha mpaka wa shamba, na huenda akaandika barua ya malalamiko kwamba mradi unawatumia watoto. Kiingereza kinataka useme ni wa kiume au wa kike, na Kiswahili hakikusema. Hapo lugha lengwa imetulazimisha, matini iko kimya, na orodha ya mahudhurio haisaidii kwa sababu huyo si mjumbe. Hili ni swali halali. Na kwa kuwa namwandikia katibu kuhusu sentensi hiyo, nitamwuliza papo hapo na habari ya saini.

Sehemu za Kiswahili ambamo lugha ya Kiingereza hutubana ni chache na zinajirudia, na mfasiri akizijua atazitafuta kwa makusudi badala ya kungoja zimkwaze. Ni jinsi ya mtu, ambayo viambishi vyetu havionyeshi. Ni "-ake", hasa watu wawili wa jinsi tofauti wanapotajwa katika sentensi moja. Ni majina ya ukoo na ukwe: mkwe anaweza kuwa mzazi wa mwenzi wako au mume au mke wa mwanao. Ni vitenzi kama kuazima, ambacho mtu hukitumia akitoa na akichukua. Na ni kauli ya kutendea, ambayo ndiyo inatuleta kwenye barua ya katibu.

Hoja ya tatu: swali huenda na tafsiri zilizokwisha kufanywa

Hapa naomba muda zaidi, kwa sababu ndipo kazi nyingi huharibika.

"Katibu alieleza kuwa alimwandikia mwenyekiti barua ya kuomba mabomba 60." Kauli ya kutendea inaruhusu mambo mawili. Katibu aliandika barua iliyokwenda kwa mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye aliyeombwa. Au katibu alimsaidia mwenyekiti kwa kuandika barua kwa niaba yake, nayo ikaenda mahali pengine. Kiingereza hakina neno moja la kubeba zote mbili. Kihusishi kimoja ni cha kwenda kwa mtu, kingine ni cha kwa ajili ya mtu, na lazima uandike kimojawapo. Matini haitoi msaada, maana "hadi leo hayajapatikana" inafaa kote kote. Na uzito wake si mdogo. Kwa maana ya kwanza, ucheleweshaji umekaa mezani kwa mwenyekiti. Kwa maana ya pili umekaa katika ofisi iliyopelekewa barua, na inawezekana ofisi hiyo ni ya mfadhili mwenyewe anayesubiri kusoma tafsiri yetu.

Mambo matatu yanayonifanya niulize yametimia: lugha lengwa inalazimisha, matini iko kimya, na anayekosewa ni mtu mwenye jina. Namwandikia katibu hivi:

"Ndugu Katibu, ukurasa wa 2, aya ya 4: 'alimwandikia mwenyekiti barua ya kuomba mabomba 60'. Ninaisoma kwa namna mbili. A: uliandika barua kwenda kwa mwenyekiti, ukimwomba yeye mabomba. B: uliandika barua kwa niaba ya mwenyekiti, ikapelekwa kwingine. Ipi ndiyo sahihi? Kama ni B, ilipelekwa wapi? Tafsiri inatakiwa Ijumaa. Nisipopata jibu kufikia Alhamisi saa 10 jioni, nitaandika kwamba uliandaa barua ya kuomba mabomba ambayo inamhusu mwenyekiti, na nitaweka tanbihi kwamba haikufahamika kama ilielekezwa kwake au iliandikwa kwa niaba yake."

Angalieni vilivyomo. Mahali panatajwa na sentensi inanukuliwa ilivyo, ili asihangaike kuitafuta. Maana mbili zimeandikwa kwa Kiswahili, lugha ya mwandishi, na si kwa Kiingereza. Nimeona wafasiri wakimpelekea mwandishi sentensi mbili za lugha lengwa wakimwambia achague. Mwandishi asiyeijua lugha hiyo vizuri atachagua inayosikika vizuri, na sisi tutadhani amechagua maana. Tafsiri zote mbili za Kiingereza zinakuwa tayari kwenye daftari langu, moja chini ya A na moja chini ya B. Kinachokwenda kwake ni maelezo ya kile ambacho kila moja itakisema.

Pia swali halikuulizwa kwa namna ya kujibiwa "ndiyo". Mkimwuliza mtu, "Je, barua ilikwenda kwa mwenyekiti?" mwenye shughuli nyingi atajibu ndiyo, kwa kuwa maana hiyo haina ubaya machoni pake na mfasiri anaonekana ameshaipenda. Herufi A na B humlazimisha asome zote mbili. Na msizidishe. Maana mbili, ikibidi tatu. Mwandishi aliyepelekewa maana tano hurudisha jibu la kwamba mfasiri aandike anavyoona inafaa.

Sasa ile tafsiri ya tatu, ya akiba, itakayotumika jibu lisipokuja. Sharti lake ni kwamba iseme yale tu ambayo ni kweli kwa kila moja ya maana zile mbili. Kusema katibu aliandaa barua inayomhusu mwenyekiti ni kweli kwa A na ni kweli kwa B. Kusema "kamati iliomba mabomba" ni kubuni, ingawa sentensi ingependeza zaidi. Tafsiri ya akiba mara nyingi huwa dhaifu kimtindo, na iwe hivyo. Lakini katika matini ya mwisho hukaa moja tu. Mfasiri anayeacha maneno mawili yakitenganishwa na mkwaju katikati ya sentensi amemhamishia msomaji kazi ambayo msomaji hana nyenzo za kuifanya.

Lipo eneo moja ambalo tafsiri ya akiba hairuhusiwi. Ikiwa matini ni ya dawa na imeandikwa "vidonge 2 asubuhi na jioni", inaweza kuwa viwili kila mara, yaani vinne kwa siku, au viwili kwa siku nzima, kimoja kimoja. Hapo hakuna Alhamisi saa 10 jioni. Kazi inasimama hadi mwenye matini ajibu kwa maandishi.

Hoja ya nne: gharama huamua hata pale lugha isipolazimisha

Rudini kwenye malipo: "fundi na msaidizi wake walipwe shilingi 40,000 kwa siku". Kila mmoja, au wote wawili kwa pamoja? Kwa siku 10, kwa maana moja kijiji kinatoa 400,000 na kwa nyingine 800,000. Kiswahili kina njia nzuri ya kugawa kwa kurudia, "walipwe 40,000 40,000", na mtu anaweza kudai kwamba kwa kuwa katibu hakurudia, alikusudia kwa pamoja. Ni dalili, lakini si ushahidi. Katika maandishi ya ofisini wengi huona kurudia huko ni lugha ya mazungumzo na hukwepa.

Kiingereza kingeweza kuuvusha utata huu bila shida. Kwa kipimo cha hoja ya pili, hatubanwi. Hata hivyo mimi nauliza, kwa sababu kuna mtu atatoa fedha kwa kusoma mstari huu. Kanuni ninayoifuata ni kwamba fedha, ardhi, kipimo cha dawa na tarehe ya mwisho vinaulizwa hata pale lugha lengwa inapokubali kunyamaza. Mengine yasiyobana yanavushwa.

Hoja ya tano: ni nani hasa mwandishi

Tuseme katibu amejibu: "Kila mmoja." Je, tuandike "kila mmoja" ndani ya tafsiri? Msikimbilie. Muhtasari uliokwisha kuthibitishwa na kutiwa saini ni kauli ya kikao, si mali ya katibu. Katibu anaweza kutueleza anachokumbuka, ila hana mamlaka ya kukiongezea kikao maneno. Kwa hiyo matini ya tafsiri inabaki na utata wake, na tanbihi inasema kwamba kwa maelezo ya katibu ni kila mmoja. Ikiwa muhtasari bado ni rasimu, ni bora katibu arekebishe Kiswahili kwanza, kisha sisi tufasiri kilichorekebishwa. Vinginevyo matini mbili zitasema mambo mawili, na siku ya mgogoro kila upande utashika yake.

Katika mkataba hatari ni kubwa zaidi. Mkataba una waandishi wawili wenye masilahi yanayopingana. Mfasiri anayempigia simu mmoja wao na kumwuliza kifungu kina maana gani ameshaegemea upande, hata kama hakukusudia. Swali liende kwa wote wawili kwa barua moja, au kwa aliyetoa kazi, na jibu wakubaliane. Wasipokubaliana, utata huo ni wao na unavushwa.

Kwa mshairi swali lenyewe hubadilika. Shairi la mapenzi la Kiswahili linaweza kwenda beti kumi bila kusema kama mpenzi ni mwanamume au mwanamke, na huenda mshairi amelifumba kwa makusudi. Kumwuliza "ni yupi?" ni kumtaka alifumbue fumbo lake. Mwulizeni kama msomaji alikusudiwa kujua. Akisema hapana, mpelekeeni njia mbadala, kwa mfano kumgeuza "yeye" kuwa "wewe", ambaye hana jinsi hata kwa Kiingereza, na mwelezeni kinachopotea.

Wapo waandishi waliolichukua jambo hili kwa uzito wa pekee. Günter Grass, mwandishi Mjerumani aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1999, alianza mwaka 1978 kuwakusanya wafasiri wa riwaya zake wa lugha mbalimbali, akakaa nao wakipitia kitabu na kuulizana. Faida ya kikao cha namna hiyo ni zaidi ya majibu. Mfasiri wa lugha inayobana huuliza jambo ambalo mwenzake wa lugha isiyobana alilipita bila kuliona, na wote hunufaika. Kwa waliokufa, kama Shaaban Robert aliyefariki mwaka 1962, hatuna wa kumwuliza. Tafsiri mbadala huenda kwenye tanbihi na dibaji, na hoja ya kuchagua huandikwa wazi ili wajao waweze kuipinga.

Mabibi na mabwana, kazi iliyo mbele yetu nchini Tanzania ni kubwa kuliko muhtasari wa kijiji. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na sheria zilizokuwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi zinapaswa kufasiriwa. Mwandishi wa sheria ni Bunge, na mfasiri hawezi kuliandikia Bunge kuuliza A au B. Lakini wapo waandishi wa sheria wa Serikali, na naomba pawe na utaratibu wa maandishi wa kuwapelekea maswali ya aina hii, wenye muda maalumu wa kujibu. Naomba pia kumbukumbu za maswali na majibu hayo zihifadhiwe pamoja na tafsiri, ili hakimu au wakili atakayekuta kifungu chenye shaka aone mfasiri aliona nini, alipima maana zipi, na nani alimjibu. Kwa sisi tusiofasiri sheria, tuanze na mkataba wa kazi ijayo: iandikwe humo kwamba mfasiri atapeleka orodha moja ya maswali kabla ya kukabidhi, jina la atakayeijibu, na siku ambazo muda wa kazi utaongezeka iwapo majibu yatachelewa. Nimekuja na nakala za kifungu hicho kama ninavyokiandika mimi, ziko mezani pale mlangoni, na ningefurahi tukikirekebisha pamoja katika muda wa maswali.